Kuosha uso si kubadilisha mutu

Kila mutu aliyeosha minerai ku mutoni anajua tofauti iko wapi. Unatoa udongo, unaacha jiwe: hiyo ni kazi, na muuzaji anayo haki ya kuleta mzigo safi ku depo. Lakini ukijaza mchanga chini ya mufuko na kupanga mawe mazuri ku mudomo, hiyo haiitwi tena kuosha. Jina lake tunalijua sisi wote, na ku depo imekwisha kuleta ngumi mara mingi.

Tunaanza na mufuko sababu leo tunataka kuzungumza juu ya afishi za bakandida. Afishi njo mudomo wa mufuko. Raia anaona pale juu, halafu anatoa kura yake kwa miaka mitano. Kila wakati wa kampanye, kuta za Lubumbashi, za Likasi na za Kolwezi zinajaa sura zenye kung'aa, bila chunusi, bila mukunjo, bila jasho. Kisha kandida mwenyewe anafika mu kartye, anashuka mu motokari, na mama wawili wanaulizana polepole: "Huyu njo ule wa ku afishi?" Watu wanacheka. Sisi tunasema kicheko hicho kinaficha shida ya kweli, na tunataka kuitazama vizuri mbele kampanye nyingine haijafika.

Kwanza, tusikosee: sisi hatukatazi mutu kupendeza. Hata mukrezere anayetoka mu shimo hawezi kwenda kupiga foto ya ndoa na vumbi ku nyusi. Anaoga, anapakaa mafuta, anavaa shati ya kupigwa pasi. Kwa nini kandida akatazwe? Tena, wale wanaofanya kazi ya foto wanajua kwamba kifaa chenyewe kinaweza kudanganya. Taa kali ya studio inachora kivuli chini ya macho na kumufanya kijana aonekane mugonjwa. Foto iliyopigwa saa sita mu jua letu inapoteza uso mweusi, unabaki paka meno na macho. Kuongeza mwangaza kidogo hapo ni kurudisha uso vile ulivyo. Chunusi iliyotoka jana na itakayopona juma lijalo, si sehemu ya mutu. Kuifuta ni sawa na kufuta tope.

Shida inaanza pale mukono wa fundi unaendelea bila kusimama. Ku ordinatere, kazi hiyo ni nyepesi sana. Fundi anafuta chunusi, halafu anafuta mikunjo ya macho. Anasawazisha ngozi mpaka haina tundu hata moja, kama sahani. Akimaliza, anavuta kalamu ya mashini kando ya pua na pua inapunguka, anavuta ku kidevu na shavu zinaingia ndani. Mwisho anasogeza kifungo kimoja cha rangi, na kandida aliyeingia mweusi anatoka mweupe kama mutu wa kujichubua. Kila hatua ni ndogo, na kila hatua kandida anasema, "Ongeza kidogo." Hakuna aliyeamua kudanganya. Lakini afishi ikitoka ku imprimeri, mama yake mwenyewe anasita.

Mutu atasema: hayo ni mambo ya urembo, raia anachagua mipango, hachagui pua. Tungependa iwe hivyo. Lakini ukweli ni mwingine, na umepimwa. Mu mwaka wa 2009, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Lozani, ku Uswisi, John Antonakis na Olaf Dalgas, walionyesha watoto wadogo foto za watu wawili wawili. Waliwaambia: tunafanya muchezo wa safari ya mashua, chagua nani awe kapiteni wako. Watoto hawakujua kwamba wale watu walikuwa bakandida waliopambana ku uchaguzi wa badepite wa Ufaransa miaka michache mbele. Karibu mara saba juu ya kumi, kapiteni aliyechaguliwa na watoto alikuwa ni yule aliyeshinda uchaguzi wa kweli. Watoto hawakusoma mpango, hawakusikia hotuba. Waliona uso paka.

Hiyo haina maana kwamba uso peke yake ndio uliwapa ushindi. Lakini inatuonyesha kwamba watu wazima wanaoingia ku biro ya kura hawako mbali sana na mutoto anayechagua kapiteni. Na kwetu uso una uzito kupita ule wa Ufaransa. Karatasi ya kura ya 2006 ilikuwa na foto za bakandida 33 wa urais. Mu 2018, mashini ya kupigia kura ilionyesha foto ku skrini, na mu 2023 pia. Foto iliwekwa pale kwa sababu nzuri: kati yetu wako wababa na wamama wenye hekima lakini hawakupata nafasi ya kusoma. Kwao foto si pambo, ni jina lenyewe. Ukibadilisha foto, ni kama umeandika jina lingine.

Sasa, mupaka uko wapi? Kuna inchi moja iliyolazimishwa kuuliza swali hilo mbele ya majaji. Ni Indonezia, mu mwaka wa 2019.

Kule wana chumba kimoja cha bunge ambacho wajumbe wake wanachaguliwa mukoa kwa mukoa, na ku karatasi ya kura ya chumba hicho kunakuwa foto ya kila kandida, karibu kama kwetu. Mu mukoa wa Nusa Tenggara Magharibi, mwanamuke mumoja anayeitwa Evi Apita Maya alitoka wa kwanza na kura 283 932. Mupinzani wake, Farouk Muhammad, mutu mukubwa aliyekuwa tayari mujumbe wa chumba hicho, alikosa kiti. Alienda ku Korti ya Katiba na mashitaka ambayo pengine korti hiyo haikuyasikia bado: alisema foto ya huyu mama iliguswa kupita kiasi, pua ikafanywa nyembamba, ngozi ikafanywa nyeupe, na raia wakadanganyika na uzuri ambao si wake.

Wakati habari ilienea, dunia ilicheka. Magazeti yaliandika kwamba mwanaume alishitaki mwanamuke kwa kuwa mzuri sana. Mu tarehe 9 mwezi wa nane 2019, Korti ilikataa mashitaka yote, na Evi Apita Maya alichukua kiti chake.

Sisi tunafikiri Korti ilifanya vizuri. Fikiria tu jaji aliyeombwa kufuta kura karibu laki tatu. Atatumia kipimo gani? Pua ikipunguzwa milimetre mbili ni halali, tatu ni kosa? Na nani atajua, kati ya wale watu wote, ni nani aliyepiga kura juu ya pua na ni nani aliyepiga juu ya neno alilosikia ku mukutano? Kama tukifungua mulango huo, kila aliyeshindwa atakuja na foto ku mukono, na uchaguzi hautaisha kamwe. Tena tuseme wazi: swali hilo wanatupiwa wanawake kupita wanaume. Mwanaume anayepakaa nywele zake rangi nyeusi ku foto, hakuna anayemupeleka ku korti.

Lakini kukataa mashitaka si kusema kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Kesi ile inatufundisha jambo moja la kazi: foto inakaguliwa mbele ya kura, haikaguliwi kisha. Wakati karatasi imekwisha kuchapwa na watu wamekwisha kupiga, umechelewa. Ni sawa na mufuko: unafungua na kutazama chini wakati ungali ku kilo, hungoji mpaka lori imeenda.

Na tunafikiri pia kwamba pua si kitu kikubwa. Udanganyifu mubaya zaidi hauko ku uzuri. Uko pale foto inasema habari ya uongo juu ya kandida. Tutoe mifano miwili, mumoja wa mbali na mumoja wa hapa kwetu.

Wa mbali ni Aljeria. Rais Abdelaziz Bouteflika alipigwa na kiharusi, ule ugonjwa watu wanaita paralizi, mu mwezi wa ine 2013. Tangu hapo alionekana mara chache sana mbele ya raia. Mwaka uliofuata alisimama kwa manda ya ine. Kampanye ilifanywa na watu wengine kwa jina lake, yeye hakufika ku mukutano hata mumoja. Ku afishi, raia waliona mutu aliyesimama imara. Tarehe 17 mwezi wa ine 2014, siku ya kura, walimuona ameletwa ku biro mu kiti cha magurudumu. Alishinda. Kisha, mu sherehe nyingi, walileta foto yake yenye fremu badala yake yeye, na watu waliisalimia ile foto. Raia wa Aljeria walianza kusema kwa uchungu kwamba wanatawaliwa na fremu. Mu 2019, waliposikia kwamba anataka manda ya tano, walijaa mu barabara kuanzia tarehe 22 mwezi wa pili, na tarehe 2 mwezi wa ine aliacha kiti.

Hatusemi kwamba mutu mwenye kiti cha magurudumu hafai kutawala. Kati yetu wako waliopoteza mguu mu shimo na akili yao inapita ya watu wazima na miguu yao. Tunasema kitu kingine: raia alikuwa na haki ya kujua, halafu aamue mwenyewe. Pale, labda hata rangi moja ya foto haikuguswa. Ilikuwa foto ya kweli, ya wakati uliopita. Hapo njo tunaona kwamba swali si "fundi aligusa ao hakugusa?" Foto safi ya miaka kumi iliyopita inaweza kudanganya kupita foto ya jana iliyofutwa chunusi tatu.

Mufano wa pili ni wa hapa, na wasomaji wetu wataujua bila sisi kutaja mutu. Ni afishi ya kandida mwenye kaske ku kichwa. Nyuma yake kuna kariere, na pembeni bakrezere na mifuko yao, wanamutazama na kutabasamu. Mwenyewe hajateremuka hata metre moja. Foto yake ilipigwa mu studio, kaske iliwekwa na ordinatere, na kariere ilitolewa ku foto nyingine kabisa. Hapo hakuna aliyegusa pua yake wala ngozi yake. Uso ni wake kabisa. Lakini hiyo afishi ni uongo kupita ile ya kwanza, sababu inasema: "Mimi ni mwenzenu, nilifika kwenu, hawa watu wananijua." Hayo ni maneno matatu, na yote matatu yanaweza kupimwa. Je, alifika? Lini? Wale watu walimukubali kuwekwa pembeni yake?

Hapo tunafika ku kipimo chetu. Tunakiandika kwa ufupi ili kila mutu akishike. Foto ya kandida inaulizwa maswali mawili. La kwanza: akiingia sasa hivi mu kartye bila kutangazwa, tutamujua? La pili: kile foto inachosema juu ya maisha yake, afya yake, umri wake ao marafiki wake, ni kweli leo? Kama majibu yote mawili ni ndiyo, fundi ameosha uso, na hatuna ugomvi naye. Kama moja ni hapana, amebadilisha mutu.

Kipimo hicho kinatusaidia hata pale pagumu. Kovu, kwa mufano. Kandida aliyekuwa muchimbaji ana kovu refu ku shavu, jiwe lilimupiga. Fundi anamuambia, "Baba, tutalitoa, litaogopesha watu." Kovu halitapona juma lijalo kama chunusi. Watu wanamujua nalo, na pengine linasema habari yake kupita hotuba yote. Sisi tungemushauri aliache. Lakini kama hapendi kulionyesha, anaweza kugeuza uso kidogo upande mwingine wakati wa kupiga foto. Hiyo ni haki ya kila mutu. Kulifuta na ordinatere ku foto ya karatasi ya kura, hapana. Baba muzee asiyesoma anamutafuta yule mwenye kovu, na hatamuona.

Na kuna kazi chafu ya upande mwingine: kugusa foto ya mupinzani ili aonekane mubaya. Ku Amerika, mu mwaka wa 2020, kampanye ya senatere David Perdue wa Jorjia ilitoa tangazo lenye foto ya mupinzani wake Jon Ossoff, ambaye ni Muyahudi, na pua yake ilikuwa imeongezwa urefu. Kampanye ilijitetea kwamba ilikuwa makosa ya wale waliotengeneza tangazo, ikalitoa. Lakini watu walijua ile pua inakumbusha matusi gani ya zamani juu ya Wayahudi. Kwetu ku Katanga, ambako tumekwisha kuona kabila likigeuzwa kuwa silaha mu siasa, jambo kama hilo halichekeshi. Anayejipamba anadanganya juu yake mwenyewe. Anayeharibu sura ya mwenzake anaweza kuwasha moto mu kartye nzima.

Basi tufanye nini? Tuna maombi mawili, na yote hayaombi pesa mingi.

La kwanza ni kwa CENI. Wakati ulienda kujiandikisha, muagenti alikukalisha mbele ya kamera, akapiga mara moja, na karte ikatoka na sura yako vile ulivyoamuka asubuhi ile. Hakuna aliyekuuliza kama umependa. Kandida yeye analeta foto mu dosie yake, iliyotoka mu studio anayoitaka. Kwa nini mwenye kuchagua anapigwa foto wazi, na mwenye kuchaguliwa anakuja na yake iliyopikwa? Tunaomba foto inayoingia ku mashini ao ku karatasi ipigwe na kamera ileile, siku kandida analeta dosie. Dakika mbili zinatosha. Ku afishi zake za ukuta abakie huru na rangi zake, lakini pale mukono wa raia unagusa, tuone mutu mwenyewe.

La pili ni kwa bakandida na mafundi wao. Tangu mwezi wa kumi 2017, sheria ya Ufaransa inalazimisha kuandika ku matangazo ya biashara kwamba foto iliguswa, kama mwili wa mwanamitindo ulipunguzwa ao uliongezwa. Asiyeandika anaweza kulipa feini ya euro 37 500. Sheria hiyo inahusu wauza nguo na mafuta, haihusu bakandida. Ni ajabu kidogo: muuza pantalo anaombwa kusema kweli kupita yule anayeomba kutunga sheria. Sisi hatuombi feini. Tunaomba kandida anayeweka kaske, kariere ao watu ambao hawakuwa pale, aandike chini ya afishi kwamba foto ilitengenezwa. Akiona haya kuandika, basi amejijibu mwenyewe.

Na wakati tunangoja, tutumie macho yetu. Mafundi wanashugulika na uso na kusahau mikono na shingo: uso wa kijana juu ya mikono ya muzee, ao uso mweupe juu ya shingo nyeusi, unasema yote. Tazama vivuli: kama kivuli cha pua kinaanguka kushoto na vya watu wa nyuma vinaanguka kulia, hawakusimama chini ya jua moja. Tazama mistari ya nyuma, ya mulango ao ya ukuta; ikipinda karibu na shavu ao tumbo, fundi alivuta pale. Na kaske, ninyi wenyewe munaijua kupita sisi: ile ya mutu anayeshuka inakuwa na alama, inakaa sawa ku paji, na kamba yake imevutwa na jasho. Ile ya ku ordinatere haina uzito.

Lakini dawa ya kweli ni ileile ya ku depo. Musikubali mudomo wa mufuko peke yake. Kandida akiwaletea afishi, mumuambie kwa heshima: "Asante Baba, asante Mama, tumeiona foto. Sasa tunakungoja wewe mwenyewe, mu kartye, muchana, tukuulize maswali." Anayefanana na foto yake atakuja.